Video Inashuka Vizuri, Kupanda Haipandi

Siku ya watani wa jadi, bao likiingia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, maelfu ya watu waliokuwa wakirekodi hubonyeza kutuma kwa wakati mmoja. Video hazitoki. Kiduara kinazunguka tu, hadi mpira unaanzwa upya katikati ya uwanja. Cha ajabu, simu hiyohiyo inaweza kufungua marudio ya bao lilelile kutoka mtandaoni bila taabu kubwa. Watu husema mtandao umejaa, na hawakosei, ila hiyo ni nusu ya habari. Kilichojaa ni upande wa kupakia. Upande wa kupakua bado una nafasi, na nafasi hiyo haiwezi kuhamishwa kirahisi hata kama mafundi wa kampuni ya simu wameketi palepale jukwaani.

Ili kuelewa sababu, tuanze na tatizo ambalo kila simu huzaliwa nalo. Simu ya 4G kwa kawaida hutuma mawimbi kwa nguvu isiyozidi wati 0.2. Ni kidogo, lakini mawimbi yanayoifikia kutoka mnarani yanaweza kuwa dhaifu kuliko hayo zaidi ya mara trilioni moja. Ikituma na kupokea katika masafa yaleyale kwa wakati uleule, itajiziba masikio yenyewe. Kwa hiyo kutuma na kupokea lazima vitenganishwe, na zipo njia mbili zinazotumika kote duniani.

Njia ya kwanza, FDD, hutenganisha kwa masafa. Simu hutuma katika masafa fulani na kupokea katika mengine, vyote kwa pamoja, huku chujio ndani yake likizuia sauti yake isivuje kwenye sikio lake. Katika bendi maarufu ya megahazi 1800, simu hutuma kati ya 1710 na 1785, na mnara hutuma kati ya 1805 na 1880. Zile megahazi 20 za katikati huachwa ili chujio lipate nafasi ya kufanya kazi. Mpango huu ni wa zamani na mtulivu: 2G ilikuja nao, 4G nyingi inautumia, na simu haina haja ya kungoja zamu.

Kasoro yake huonekana pale matumizi yanapoegemea upande mmoja, na ya siku hizi yameegemea kweli. Mtu anayetazama tamthilia kwa saa nzima hupakua data nyingi, na anachopakia ni maombi madogomadogo ya kuomba kipande kinachofuata. Tuchukue kampuni iliyopewa megahazi 20, ikazigawa 10 za kupakua na 10 za kupakia. Tuseme katika mtaa mmoja data inayoshuka ni mara tisa ya inayopanda, na tuchukulie, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba kila megahazi hubeba data sawa pande zote. Saa mbili usiku zile 10 za kupakua zinajaa na watu wanaanza kulalamika. Wakati huohuo upande wa kupakia unatumia megahazi moja na ushee tu. Karibu tisa zimelala, zimelipiwa, na haziwezi kumsaidia mtu hata mmoja, kwa sababu mpaka kati ya pande hizo mbili umewekwa na mpangilio wa bendi na vichujio vya simu zote zilizokwisha kuuzwa.

Njia ya pili, TDD, hutenganisha kwa wakati. Masafa ni yaleyale kwenda na kurudi, lakini mnara na simu hupeana zamu. Aliyewahi kupita daraja la zamani la Wami, lile jembamba la magari ya upande mmoja, ameshaujua utaratibu wenyewe: wa Chalinze wanapita, wa Segera wanasubiri, kisha wanabadilishana. Na kila wanapobadilishana, lazima daraja likae tupu kidogo hadi gari la mwisho litoke.

Kwenye 4G ya aina hii muda hukatwa katika fremu za milisekunde 10, na kila fremu ina vipande kumi vya milisekunde moja moja. Viwango vinatoa mipangilio saba ya kuchagua, na mmoja wa inayopendwa sana mafundi huuandika hivi:

```
DSUDD DSUDD
```

D ni zamu ya mnara kutuma, yaani sisi kupakua. U ni zamu ya simu kupakia. S ni kipande cha mpito, chenyewe kimegawanywa katika alama 14: mara nyingi 10 za mwanzo ni za kupakua, mbili ni za ukimya, na mbili za mwisho ni za simu kutoa ishara fupi kabla ya zamu yake kamili. Ukijumlisha, kupakua hupata takriban asilimia 74 ya muda, kupakia asilimia 20, na kiasi kinachobaki humezwa na mpito. Ile kampuni yenye megahazi 20 sasa ina kama 15 za kupakua na nne za kupakia. Mtaa uliokuwa ukilalamika saa mbili usiku umeongezewa nusu ya kile ulichokuwa nacho, bila senti moja ya kununua masafa mapya. Upande wa kupakia umepunguzwa kutoka 10 hadi nne, lakini kwa kuwa unahitaji chini ya mbili, hakuna anayeona tofauti.

Ule ukimya wa alama mbili unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio unaoamua mnara utahudumia umbali gani. Unadumu mikrosekunde 143 hivi. Mawimbi husafiri mita 300 kwa kila mikrosekunde, kwa hiyo simu iliyo mbali husikia mwisho wa zamu ya mnara kwa kuchelewa, kisha inatakiwa kuwahi kutuma ili sauti yake ifike mnarani kwa wakati. Safari hizo mbili, ya kwenda na ya kurudi, lazima ziishe ndani ya ukimya huo, na hapo umbali hauwezi kuzidi kilomita 21 hivi. Anayetaka kufika mbali zaidi huongeza ukimya, na kila alama anayoongeza anaikata kwenye kupakua. Mjini hilo si tatizo. Kwenye tambarare za vijijini lina gharama.

Sasa turudi kwa mashabiki. Miongoni mwa ile mipangilio saba upo wa DSUUD, ambao huipa kupakia milisekunde nne katika kila kumi badala ya mbili. Kwa nini basi usiwekwe uwanjani kwa dakika 90 na kuondolewa baada ya mechi? Kiwango chenyewe hakikatazi. Toleo la 12 la shirika la viwango la 3GPP liliruhusu hata mnara kubadili uwiano kila milisekunde 10 kufuata mahitaji. Nje ya maabara na majengo yaliyofungwa, hata hivyo, ni nadra kukuta mtu akitumia ruhusa hiyo.

Sababu ni majirani. Chukua mnara wa uwanjani ulio kwenye DSUUD, na mnara wa mtaa wa pili Temeke ulio kwenye DSUDD. Katika kipande cha nne, wa uwanjani umenyamaza ukisikiliza simu za mashabiki, kila moja na wati zake 0.2, zikiwa chini kabisa katikati ya umati. Wakati huohuo wa pili unatuma kwa makumi ya wati, kutoka juu ya mlingoti, na kati ya antena zao hakuna hata mti. Jirani anazizima simu zote. Kuchuja haiwezekani, kwa sababu masafa ni yaleyale. Hata jirani akiwa wa kampuni nyingine yenye masafa ya kupakana, nguvu inayovuja pembeni yatosha kuharibu. Kwa hiyo uwiano huwa makubaliano ya eneo zima, mara nyingi pamoja na washindani wa biashara. Kuwapendelea mashabiki kungelazimu mitaa yote ya kuzunguka ihamie DSUUD, na kila kaya humo ingepoteza zaidi ya robo ya nafasi ya kupakua, jioni ya mechi, wakati waliokosa tiketi wanaitazama kwa simu.

Kuchagua uwiano mmoja bado hakutoshi. Zamu lazima zianze kwa pamoja, na tofauti kati ya minara jirani isizidi mikrosekunde tatu. Ndiyo maana minara mingi ya TDD ina kipokezi kidogo cha GPS chenye umbo la uyoga: kazi yake hapo ni kusoma saa, wala si kutafuta mahali. Kipokezi kikikatika waya, saa ya ndani hushikilia kwa muda, kisha huanza kuteleza. Dalili yake humchanganya fundi mgeni, kwa sababu mnara wenye ugonjwa huonekana mzima huku majirani zake wakipiga kelele kwamba upande wao wa kupakia umejaa uchafu. Ndiyo maana minara mingi hupangwa ijizime kutuma ikipoteza saa kwa muda mrefu.

Hata saa zikiwa sahihi, hali ya hewa inaweza kuvuruga. Juu ya bahari yenye joto, kama Ghuba ya Uajemi, tabaka la hewa huweza kuyakunja mawimbi na kuyabeba mamia ya kilomita. Mnara ulio kilomita 300 hufika umechelewa milisekunde nzima, na sauti yake huangukia ndani ya zamu ya kupakia ya mwenzake. Mtandao mkubwa wa China Mobile uliwahi kusumbuliwa sana na jambo hili. Fundi hulitambua kwa kuchora kelele alama kwa alama: huwa kubwa mwanzoni mwa zamu, kisha hushuka kama mteremko, kwa sababu minara ya mbali zaidi ni michache na dhaifu zaidi. Toleo la 16 la 3GPP, la mwaka 2020, liliongeza namna ya minara kutambuana na kupunguziana makali hali hiyo inapotokea.

Mnada wa masafa uliofanywa na TCRA nchini Tanzania mwaka 2022 ulihusisha bendi za megahazi 700, 2300, 2600 na 3500. Bendi ya 700 ni ya FDD na hufika mbali. Za 2300 na 3500 ni za TDD, zina upana mkubwa, ila hazifiki mbali hivyo. Kampuni yenye zote mbili huweza kuziunganisha katika simu moja. Ukiwa karibu na mnara, unapakua na kupakia kupitia masafa ya juu. Ukisogea mbali, kinachokatika kwanza ni kupakia, kwa kuwa simu ina wati zake 0.2 na ruhusa ya kuzitumia kwa moja ya tano tu ya muda. Hapo mtandao huhamishia kupakia kwenye bendi ya chini ya FDD, ambako simu inaweza kutuma bila kungoja zamu, na kuacha kupakua kuendelee juu. Pima kasi ukiwa pembezoni: ukiona kupakua kwa megabiti 80 na kupakia kwa megabiti moja, yumkini bado umeachwa kwenye TDD peke yake.