Maswali 100 Kabla ya Kutaja Bei ya Chatiboti

Chatiboti ni programu inayojibu watu kwa maandishi, na nyingi za sasa huegemea modeli ya lugha, yaani mfumo uliofunzwa kwa matini mengi ili ukisie maneno yanayostahili kufuata. Kwa kuwa msingi wake ni kukisia, mtaalamu wa kujitegemea anayeahidi kwamba haitakosea anatia saini jambo asiloliweza. Februari 2024, baraza la madai la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyeelezwa na chatiboti ya shirika hilo kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya safari, na hoja kwamba chatiboti iwajibike yenyewe ilikataliwa.

Ichukuliwe hoteli ndogo ya Paje, Unguja, inayotaka wageni wajibiwe kwa WhatsApp. Badala ya kuahidi kutokosea, mtaalamu na mteja wake huchambua meseji za nyuma na kuteua maswali 100, kila moja likiwa na jibu lililoidhinishwa na mwenye hoteli, kisha hukubaliana kwamba kazi itapokelewa endapo majibu 90 yatakuwa sahihi na hakuna litakalotaja bei au sharti la kughairi lisilokuwapo. Sharti hili la pili ndilo zito, kwani mgeni aliyeelekezwa kwa mhudumu wa mapokezi hajapoteza kitu, ilhali aliyeambiwa kuwa kughairi ni bure atadai fedha zake.

Gharama za uendeshaji huhesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno vinavyoingia na kutoka katika modeli. Neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, hivyo makadirio yapimwe kwa meseji halisi. Tena, modeli haikumbuki: kila swali jipya hutumwa pamoja na maelekezo na mazungumzo yaliyotangulia. Mazungumzo 1,500 kwa mwezi, yenye maswali sita kila moja, ni maombi 9,000. Kila ombi likiingiza tokeni 2,500 na kutoa 150, zitaingia milioni 22.5 na kutoka milioni 1.35. Kwa bei ya mfano ya dola 1 kwa milioni ya kuingiza na dola 5 kwa milioni ya kutoa, bili ni takriban dola 29, mbali na ada za WhatsApp. Akaunti ifunguliwe kwa jina la hoteli, ikiwekewa ukomo wa matumizi. Mtaalamu anayelipia kwa kadi yake mwenyewe amegeuka mkopeshaji.

Kuhusu matunzo, mkataba utaje nani atabadilisha bei msimu unapogeuka, na nani atarudia maswali yale 100 mtoa huduma anapoiondoa modeli ya zamani, jambo linalotokea mara kwa mara. Usipotaja, kazi hiyo humwangukia mtaalamu bila malipo.