Nano haijibu: kuchagua bodi na poti katika Arduino

Tumchukue mwanafunzi wa Makiso, mjini Kisangani, mwenye bodi ya Arduino Nano ya bei nafuu, ile ya kuiga. Kompyuta yake ina Windows, na kihariri cha Arduino, toleo la 1.8, kiko kwa Kifaransa. Ameandika programu fupi ya kuwasha na kuzima taa, amebonyeza `Téléverser`, na baada ya kusubiri akaona maneno mekundu:

```
avrdude: stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00
```

Maana yake ni kwamba kompyuta ilituma salamu mara 10 na haikupata jibu linaloeleweka. Programu yenyewe haina kosa la sintaksia. Kama ingekuwa nalo, kazi ingekwama mapema, wakati wa kuigeuza kuwa msimbo wa mashine, kabla poti haijaguswa kabisa.

Tuanze na poti, yaani njia ambayo baiti hupita moja baada ya nyingine kati ya kompyuta na bodi. Nano nyingi za kuiga zina chipu ya CH340, inayogeuza mawasiliano ya USB kuwa ya mfululizo. Windows huipa njia hiyo jina kama `COM5`. Linux huiita `/dev/ttyUSB0`. Chipu hii haielezi imefungwa kwenye bodi gani, kwa hiyo kihariri huonyesha namba ya poti tu, bila jina la Nano pembeni. Hapo ndipo wengi huchagua `COM1`, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye orodha, kumbe mara nyingi hiyo ni poti ya kompyuta yenyewe.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi. Fungua `Outils`, kisha `Port`, utazame orodha. Chomoa bodi, funga menyu, uifungue tena. Namba iliyotoweka ndiyo yako. Ukihamia tundu jingine la USB, angalia upya, maana CH340 kwa kawaida haina namba yake ya utambulisho na Windows inaweza kuipa poti nyingine.

Je, kama hakuna kinachotoweka? Shuku kebo kwanza. Kebo zinazouzwa kwa kuchajia simu tu hazina waya mbili za data. Zinapitisha umeme peke yake. Taa ya Nano itawaka vizuri, na mtu ataamini kwamba bodi imeunganishwa. Kebo ikiwa nzima, basi huenda Windows haina kiendeshi cha CH340. Poti ikionekana lakini ikakataa kufunguka kwa `Access is denied`, huenda dirisha jingine, kwa mfano `Moniteur série`, limeishika.

Mwanafunzi wetu amefanya jaribio hilo, na poti yake ni `COM5` kweli. Sasa twende kwenye bodi. Katika `Type de carte` amechagua `Arduino Nano`, sawasawa. Chaguo hili huamua msimbo utengenezwe kwa chipu ipi na kompyuta izungumze nayo kwa mwendo gani. Ndani ya ATmega328P mna programu ndogo ya kudumu. Kihariri kinapofungua poti, chipu huanzishwa upya; programu hiyo husikiliza kwa muda mfupi, na isiposikia jambo inaloelewa, huiachia nafasi programu iliyopakiwa zamani.

Tangu Januari 2018 Nano rasmi hutoka na programu ndogo mpya, inayosikiliza kwa biti 115200 kwa sekunde. Ile ya zamani husikiliza kwa 57600, na Nano nyingi za kuiga bado zinayo. Kompyuta ikituma kwa mwendo maradufu, chipu hupokea biti zilizovurugika, kisha muda wake wa kusikiliza hupita. Dalili iko kwenye bodi yenyewe: taa ya `RX` humetameta kwa kila salamu, lakini `TX` hubaki kimya. Poti ni sahihi; mwendo ndio haulingani.

Tiba imo katika menyu ya tatu, ambayo wengi huiruka: `Outils`, `Processeur`, kisha `ATmega328P (Old Bootloader)`. Akibonyeza tena `Téléverser`, `TX` nayo inaanza kumetameta, na programu inaingia.

Uno haina menyu hii ya tatu, na ndiyo sababu aliyejifunzia Uno hushangazwa na Nano. Kwa mwenye Nano ya kuiga, ningeanza na `Old Bootloader` moja kwa moja mara poti inapothibitishwa. Isipokubali, rudi kwenye `ATmega328P` ya kawaida. Kujaribu chaguo lisilo sahihi hakuiharibu bodi.