Pini Iliyolala

Kompyuta imewekwa RAM mbili za GB 8 kila moja, lakini skrini inaonyesha GB 8 tu. Fundi anazibadilisha nafasi: kila moja ikikaa upande wa kwanza inasomeka, ikihamia upande wa pili haionekani. Basi RAM ni nzima. Kwenye bodi za Intel zenye soketi ya LGA 1700, RAM huwasiliana na prosesa moja kwa moja kupitia pini za soketi, na pini moja iliyolala inatosha kuuzima upande mzima.

Umeme ukishakatwa na prosesa kuinuliwa, mulika soketi kwa tochi kutoka ubavuni. Ncha za pini hung'aa kwa safu. Palipo na nukta iliyofifia au iliyotoka kwenye mstari ndipo penye tatizo. Zunguka pande zote nne, maana pini iliyopinda huweza kujificha ukiitazama upande mmoja. Mara nyingi chanzo ni prosesa iliyoangukia kona, au kitambaa kilichopitishwa juu ya soketi kufuta pesti.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanataka kuisimamisha pini. Pini hizi hazisimami wima. Kila moja ni springi ndogo iliyolala mshazari kwa makusudi, ncha ikiwa juu kidogo, ili prosesa ikibanwa iikandamize. Kipimo chako ni pini jirani za safu hiyohiyo.

Tumia sindano nyembamba ya kushonea na lenzi inayokuza mara 10, kiganja kikiwa kimeegemea meza. Ingiza sindano chini ya ncha, upande ilikolalia, uisukume kidogo mno, uiachie, utazame. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia, kwa hiyo usihukumu sindano ikiwa bado imekigusa. Kibano sikipendekezi kwa asiyezoea, kwani huisokota pini na kugusa za jirani.

Ncha ikifika kwenye mstari, ikalingana kimo na jirani zake bila kugusana nazo, acha. Shingo ikibaki na mkunjo mdogo, iache hivyohivyo. Metali ikikunjwa na kukunjuliwa hukakamaa, kisha hukatika. Pini ikianza kwenda na kurudi bila kudunda kama springi, au ikiwa imekunjika shinani, weka sindano chini umpelekee fundi mwenye mashine ya kubadilisha soketi. Na kamwe usiwashe bodi yenye pini mbili zinazogusana au kipande kilichodondoka ndani. Prosesa inaweza kuungua.

Rudisha prosesa, washa, uangalie BIOS. Ikisoma GB 16, iache Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha. Isipotoa kosa hata moja, usiifungue tena soketi hiyo ili kuinyoosha pini vizuri zaidi.