Utokeaji na Ueneaji wa Ugonjwa: Urefu wa Maambukizi ya Malaria na Tafsiri ya Takwimu katika Kiwengwa, Unguja

Kiwengwa ni shehia ya pwani ya mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini B. Wenyeji wake wamezoea uvuvi na kilimo cha mwani, lakini kwa miongo kadhaa sasa hoteli za ufukweni zimeongeza watu wa aina nyingine: wafanyakazi wanaotoka Tanzania Bara na sehemu nyingine za Unguja, wanaokuja msimu wa wageni na kuondoka msimu unapokwisha. Mtafiti anayetaka kujua hali ya malaria mahali kama hapa hupata taarifa kwa njia mbili. Ya kwanza ni rejista ya kituo cha afya, inayoandika kila mgonjwa mpya aliyethibitishwa. Ya pili ni kupita nyumba kwa nyumba katika siku maalumu, kupima damu za watu wote waliomo na kuhesabu walio na vimelea. Njia hizi haziulizi swali moja, na mara nyingi majibu yake hayalingani. Kutolingana huko si kosa la mhesabuji.

Rejista hupima utokeaji, yaani idadi ya maambukizi mapya yanayozuka katika kundi la watu kwa kipindi fulani. Kwa hiyo utokeaji daima una kipimo cha wakati ndani yake: maambukizi kadhaa kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Upimaji wa nyumba kwa nyumba hupima ueneaji, yaani sehemu ya watu walio na maambukizi kwa wakati mmoja, bila kujali waliyapata jana au miezi sita iliyopita. Ueneaji ni uwiano mtupu. Hauna “kwa mwaka” wala “kwa mwezi”. Tasnifu inayoandika “ueneaji wa asilimia 2 kwa mwaka” imekwisha kuvichanganya vitu viwili kabla ya kufika kwenye sura ya matokeo.

Uhusiano wa vipimo hivi unaonekana vizuri katika hoteli za Kiwengwa zenyewe. Hoteli inayopokea wageni 10 kila siku, na kila mgeni akakaa siku 3, itakuwa na wageni 30 usiku wowote. Wageni hao 10 wa kila siku wakianza kukaa siku 14, hoteli itakuwa na wageni 140, ingawa mlangoni hakuna aliyeongezeka. Anayesimama mapokezi akihesabu wanaoingia ataona hali haijabadilika. Anayehesabu vitanda vilivyolaliwa ataona hoteli imefurika. Ugonjwa nao ni hivyo hivyo. Ueneaji ukiwa P, utokeaji I na wastani wa muda wa maambukizi D, basi hali inapokuwa imetulia:

P / (1 − P) = I × D

Pale ugonjwa unapokuwa adimu, kama malaria ilivyo Unguja leo, 1 − P hukaribia 1 na kanuni husomeka kwa urahisi: ueneaji ni utokeaji mara muda. Sharti pekee ni kwamba I na D vitumie kipimo kimoja cha wakati. Utokeaji wa kwa mwaka unadai muda ulioandikwa kwa miaka.

Mfano wa shehia yenye watu 3,000

Tarakimu zinazofuata ni za kubuni kwa ajili ya ufafanuzi, hazikukusanywa Kiwengwa. Tuseme shehia ina watu 3,000, na katika mwaka mmoja hutokea maambukizi mapya 80. Kati ya hayo, 60 huleta homa. Mgonjwa huenda kituoni, hupewa dawa mseto, na vimelea huondoka. Tangu vilipoonekana katika damu hadi vilipokwisha, wastani ni siku 7. Maambukizi 20 yaliyobaki hayaleti dalili. Hakuna homa, kwa hiyo hakuna safari ya kituoni wala dawa, na vimelea hukaa katika damu wastani wa siku 180. Muda wa namna hii si wa kushangaza, kwani vimelea vya Plasmodiamu falsiparamu, ambavyo ndivyo vinavyoongoza Zanzibar, vinaweza kudumu miezi mingi katika mwili wa mtu mwenye kinga kiasi asipotibiwa.

Siku yoyote ikichaguliwa, walio na maambukizi ya homa ni 60 × 7 ÷ 365, yaani takriban mtu 1. Walio na maambukizi ya kimya ni 20 × 180 ÷ 365, yaani karibu watu 10. Jumla ni watu 11, sawa na ueneaji wa asilimia 0.37. Jambo la kutazamwa hapa ni mgawanyo zaidi kuliko jumla. Katika utokeaji, maambukizi ya kimya ni robo tu: 20 kati ya 80. Katika ueneaji, ni karibu asilimia 90. Daktari wa kituoni na mpimaji wa nyumba kwa nyumba wamefanya kazi katika shehia moja, lakini wamekutana na magonjwa mawili yenye sura tofauti. Maambukizi ya muda mfupi hupita kati ya siku mbili za upimaji bila kuonekana. Ya muda mrefu husubiri hadi mpimaji apige hodi.

Hii ndiyo sababu watu waliopatikana na ugonjwa katika upimaji wa siku moja hawafai kuchukuliwa kuwa sampuli ya wote wanaougua. Sampuli hiyo imeelemea upande wa maambukizi yanayodumu. Anayeitumia kuandika kwamba “malaria ya Unguja kwa kawaida haina dalili” ameugeuza urefu wa muda kuwa tabia ya ugonjwa. Kosa la upande wa pili lina madhara zaidi. Anayetegemea rejista peke yake huwakosa wale 10 ambao, kwa miezi sita, wanaweza kumlisha mbu vimelea kila usiku.

Kipimo nacho kina muda wake

D katika kanuni si muda ambao mtu ameambukizwa, bali ni muda ambao kipimo kilichotumika kinaweza kumwonyesha kuwa ameambukizwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika zaidi hutafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Kwa upande mwingine, kipimo hicho hakioni vimelea vikiwa vichache sana, jambo la kawaida katika maambukizi ya kimya. Kipimo cha vinasaba huviona hata hivyo vichache.

Turudi kwenye shehia yetu. Tuseme baada ya tiba kipimo cha haraka hubaki chanya kwa siku 28 zaidi, hivyo muda wa kuonekana kwa wagonjwa wa homa unakuwa siku 35 badala ya 7. Tuseme pia kwamba maambukizi ya kimya huonekana kwa siku 60 tu kati ya 180. Siku ya upimaji, wagonjwa wa homa watakaotoka chanya ni 60 × 35 ÷ 365, karibu 6. Wa kimya ni 20 × 60 ÷ 365, karibu 3. Jumla ni 9, isiyo mbali na 11 ya kweli. Mtafiti ataridhika. Lakini kati ya hao 9, wengi wamekwisha kupona, na kati ya wabebaji 10 wa kimya ni 3 tu waliopatikana. Jumla imesalimika kwa sababu makosa mawili yamefidiana, nayo haimsaidii hata kidogo anayetaka kujua nani apewe dawa. Njia ya kugundua hali hii ni rahisi: kila aliyetoka chanya aulizwe kama alitumia dawa ya malaria katika wiki 4 zilizopita, na sehemu ya sampuli za damu ipimwe tena kwa vinasaba.

Ueneaji uliposhuka Zanzibar

Mwaka 2003 Zanzibar iliachana na klorokwini, iliyokuwa imeshindwa na vimelea sugu, ikaanza kutumia dawa mseto. Baadaye ulifuata ugawaji mkubwa wa vyandarua vyenye dawa, na mwaka 2006 ulianza upuliziaji wa dawa ukoko majumbani. Ueneaji wa vimelea ulishuka hadi chini ya asilimia 1 na umebaki huko kwa kiasi kikubwa. Ni hatua ipi iliyofanya nini? Ueneaji peke yake hauwezi kujibu. Chandarua na dawa ukoko hupunguza kuumwa na mbu, hivyo hupunguza I. Dawa inayotibu kikweli hufupisha D, kwani mgonjwa wa klorokwini iliyoshindwa angeweza kutulia homa na bado akabaki na vimelea. Ueneaji ukishuka kwa nusu, huenda utokeaji umeshuka kwa nusu, au muda umefupika kwa nusu, au kila kimoja kimeshuka kwa chini ya theluthi moja. Aidha, katika ugonjwa wa kuambukiza I na D havijitegemei: siku chache za kubeba vimelea ni siku chache za kuwaambukiza mbu, kwa hiyo kuufupisha muda leo hupunguza maambukizi mapya ya kesho.

Si kila tiba hushusha ueneaji. Dawa za kufubaza VVU huongeza miaka ya kuishi bila kuondoa virusi. D hurefuka, na ueneaji unaweza kupanda hata pale maambukizi mapya yanapopungua. Takwimu ambayo kwa malaria ingekuwa ishara ya kushindwa, kwa VVU inaweza kumaanisha kwamba watu hawafi tena.

Kanuni ina mipaka, na Kiwengwa inaidhihirisha. Kwanza, inadai hali iliyotulia, ilhali malaria hupanda baada ya mvua za masika na za vuli. Upimaji wa kiangazi unaweza kukuta mabaki ya msimu uliopita wakati rejista ya mwezi huo ni tupu. Pili, inadai kwamba hakuna anayeingia wala kutoka. Mfanyakazi anayewasili hotelini akiwa na vimelea kutoka Bara huongeza ueneaji wa Kiwengwa siku hiyo hiyo, lakini hakuambukizwa Kiwengwa. Akiugua wiki ya pili, rejista humwandika kama mgonjwa mpya wa shehia.

Ufuatiliaji wa Zanzibar umejengwa kwa kuitambua shida hii. Taarifa za wagonjwa kwa njia ya simu za mkononi zilianza mwaka 2008, na tangu 2012 maofisa wa wilaya humfuata mgonjwa aliyethibitishwa hadi nyumbani, huuliza safari zake na kuwapima wanaoishi naye. Hatua hiyo huunganisha vipimo viwili: mgonjwa aliyeanzisha safari ametoka kwenye utokeaji, na wanakaya wanaokutwa na vimelea wametoka kwenye ueneaji. Wakijumlishwa katika safu moja ya “wagonjwa wa mwezi”, idadi itapanda kila maofisa wanapofika nyumba nyingi zaidi na kushuka gari linapokosa mafuta, mbu wakiwa wale wale.