Mifuko 60 Iliyobaki Stoo Ina Thamani Gani?

Swali linaonekana rahisi. Ni mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya ujenzi limefungwa, na stoo imehesabiwa: imebaki mifuko 60 ya saruji. Yote ni ya kilo 50, yote ya kiwanda kimoja. Mwenye duka akiulizwa ina thamani gani, mara nyingi anazidisha 60 kwa bei anayouzia, 17,000, na kuandika shilingi 1,020,000. Hapo tayari amejihesabia faida ya mifuko ambayo hakuna mteja aliyeinunua.

Mali iliyobaki huthaminiwa kwa gharama yake. Tatizo ni kwamba saruji ya mwezi mzima haikununuliwa kwa gharama moja, na mfuko haujaandikwa umeingia lini. Wahasibu wana njia kadhaa za kuliamua hilo, na inayotumika sana inaitwa inayoingia kwanza hutoka kwanza. Kila mzigo unaoingia unaandikwa kama fungu lake lenye tarehe, idadi na gharama ya kila mfuko, na mafungu hayachanganywi. Mauzo yanapotokea, gharama inachotwa kwenye fungu la zamani kuliko yote hadi liishe, ndipo linalofuata liguswe.

Tulifuate duka letu la mfano. Mwezi ulianza na mifuko 40 iliyogharimu 14,000 kila mmoja. Tarehe 9 iliingia mifuko 100 kwa 14,500. Tarehe 20 iliingia mingine 80, na ankara ya muuzaji wa jumla ilisema 15,000. Lakini safari hii mwenye duka alikodi gari mwenyewe kwa shilingi 40,000. Hela hiyo haiendi kwenye matumizi ya duka pamoja na umeme na vocha. Ni sehemu ya gharama ya kuufikisha mzigo stoo, kwa hiyo inagawanywa kwa mifuko 80, na kila mfuko unabeba 500 zaidi. Fungu la tatu linaandikwa kwa 15,500. Wengi huisahau nauli hii, kisha wanashangaa kwa nini duka lina faida daftarini na droo haina kitu. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ina utaratibu wake: aliyesajiliwa na anayerudishiwa kodi ya manunuzi haiweki kwenye gharama, ila asiyesajiliwa anaiweka, maana kwake hiyo ni hela iliyokwenda moja kwa moja.

Tarehe 12 fundi mmoja alichukua mifuko 70. Fungu la kwanza lilikuwa na 40 tu, likaisha lote: shilingi 560,000. Thelathini iliyopungua ilichotwa fungu la pili kwa 14,500, yaani 435,000. Gharama ya mauzo hayo ni 995,000, na fungu la pili limebakiwa na 70. Tarehe 25 iliuzwa mifuko 90. Ile 70 ya fungu la pili ilitoka yote kwa 1,015,000, na 20 ikatoka fungu la tatu kwa 310,000. Jumla ni 1,325,000.

Kwa mwezi mzima, basi, mifuko 160 iliyouzwa iligharimu 2,320,000. Iliyobaki ni 60, yote ya fungu la tarehe 20, na kwa 15,500 inafika 930,000. Jumlisha hizo mbili upate 3,250,000, ambayo ndiyo gharama ya mali anzia pamoja na manunuzi yote mawili. Zisipolingana, kuna fungu lililochotwa mara mbili au lililorukwa, na hakuna haja ya kuendelea mbele kabla ya kulipata.

Asiye na muda wa kuandika kila mauzo ana njia fupi. Ahesabu stoo mwisho wa mwezi, kisha asome ankara zake kuanzia ya mwisho akirudi nyuma. Amebakiwa na 60, ankara ya mwisho ina 80, basi yote ni ya ankara hiyo. Angebakiwa na 100, angechukua 80 kwa 15,500 na 20 kwa 14,500. Jibu ni lilelile la aliyeandika kila siku, ilimradi hakuna kilichopotea. Njia ya wastani haina wepesi huo: wastani unaopigwa upya kila mzigo unapoingia hutoa jibu moja, na unaopigwa mara moja mwisho wa mwezi hutoa jingine.

Kitu kimoja huwatatiza watu. Vijana wa stoo hubeba mfuko ulio karibu na mlango, na mara nyingi huo ndio ulioshushwa jana. Daftari halijali. Mafungu ni utaratibu wa kugawa gharama, si ramani ya stoo. Kuizungusha mifuko ili ya zamani itoke kwanza ni muhimu, kwa sababu saruji ikikaa kwenye unyevu inaganda, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Tukirudi kwenye faida: mifuko 160 kwa 17,000 ni mauzo ya 2,720,000. Toa gharama ya 2,320,000, faida ghafi ni 400,000. Hesabu ni sahihi, na bado ina mtego. Kurudisha mifuko 160 ileile stoo kwa gharama ya sasa kunataka 2,480,000. Kwa hiyo 160,000 kati ya ile faida imetokana na bei kupanda wakati mzigo wa zamani ulikuwa bado ndani. Mwenye duka akiitumia yote 400,000 kwa ada na kodi ya nyumba, mzigo ujao utaingia ukiwa mdogo kuliko uliopita. Bei zinapopanda, njia hii huonyesha faida kubwa kuliko ya wastani, ambayo hapa ingetoa takriban 356,000, na kodi ya mapato hufuata faida inayoonyeshwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya makampuni ya Marekani hupenda njia ya kinyume, inayoingia mwisho hutoka kwanza, ambayo sheria zao zinairuhusu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2, baada ya marekebisho ya 2003, hakiiruhusu.

Sasa tuseme stoo ilipohesabiwa kwa macho, daftari lilisema 60 lakini mizima ni 57, mitatu imeganda na haiuziki. Iliyobaki ina thamani ya 883,500, na zile 46,500 zinaingia kwenye gharama za mwezi huu. Kuibakiza mitatu hiyo kwenye mali ishia ni kuusogeza hasara mwezi ujao, ambako itachanganyika na mauzo na hakuna atakayejua ilitokea wapi.

Bei ikishuka, mambo yanageuka. Tuseme ushindani umelazimisha mfuko uuzwe 15,000. Mifuko 57 haiwezi kukaa daftarini kwa 15,500, kwa kuwa mali huandikwa kwa gharama au kwa kiasi inachoweza kuingiza, kile kilicho kidogo. Inashushwa hadi 15,000 na hasara ya 28,500 inaandikwa mwezi huu. Angalia kwamba kinacholinganishwa ni bei ya kuuzia. Muuzaji wa jumla anaweza kuwa ameshusha hadi 14,000, lakini kama rejareja bado ni 17,000, fungu la tarehe 20 linafungua mwezi mpya kwa 15,500 yake, na wateja wa kwanza wa mwezi huo ndio watakaoimaliza.