Shilingi ikipanda wiki tatu mfululizo, si lazima iwe imebadili mwelekeo

Mwishoni mwa Desemba 2024 dola moja ya Kimarekani ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 2,400 za Tanzania. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, mwezi Septemba, ilikuwa imevuka shilingi 2,700. Aliyeitazama grafu ya kipindi hicho aliona mstari unaoteremka kwa kasi, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba dola ingeendelea kushuka. Kufikia Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na shilingi 2,690.

Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye ankara ya dola 20,000 angelilipa deni hilo kwa shilingi milioni 48 mwezi Desemba. Kama alisubiri hadi Mei akitarajia dola ishuke zaidi, angehitaji shilingi milioni 53.8. Tofauti ya shilingi milioni 5.8 inaweza kumeza faida yote ya mzigo huo.

Kwa hiyo ni vyema kujua grafu ya sarafu inasema nini na haisemi nini.

Kwanza, grafu nyingi zinaonyesha idadi ya shilingi zinazonunua dola moja. Mstari ukipanda, shilingi inaporomoka, na ukishuka, shilingi inaimarika. Pili, tazama namba zilizoandikwa pembeni. Grafu inayoanzia 2,600 na kuishia 2,670 itafanya badiliko la shilingi 20 lionekane kama mlima, ingawa ni chini ya asilimia moja. Tatu, tumia kiwango cha aina moja na siku moja ya juma. Ukichukua wastani unaotangazwa na Benki Kuu wiki hii, na wiki ijayo ukachukua bei ya kuuzia ya duka la kubadilishia fedha, sehemu ya badiliko utakaloliona ni faida ya duka na si mwendo wa soko.

KIPIMO CHA MTIKISIKO

Kila wiki kiwango husogea kidogo hata kama hakuna jambo kubwa lililotokea. Kampuni moja inanunua dola kulipia meli ya mafuta, nyingine inauza dola ili ilipe kodi au mishahara. Mtikisiko huo hauna mwelekeo. Swali la msingi ni hili: badiliko ninaloliona ni kubwa kuliko mtikisiko wa kawaida?

Tuchukue mfano wa kubuni wa Ijumaa kumi mfululizo: 2,610, 2,622, 2,604, 2,618, 2,640, 2,631, 2,645, 2,630, 2,654 na 2,661. Wiki sita kati ya tisa dola imepanda, na kwa jumla imeongezeka shilingi 51. Wengi wangesema shilingi imeanza kuporomoka.

Sasa andika badiliko la kila wiki bila kujali kama ni la kupanda au kushuka: 12, 18, 14, 22, 9, 14, 15, 24 na 7. Jumla yake ni 135. Gawanya kwa wiki tisa, utapata 15. Hicho ndicho kipimo cha mtikisiko wa wiki moja.

Kwa wiki tisa usizidishe 15 kwa tisa, maana mitikisiko ya kupanda na ya kushuka hupunguzana. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wiki. Kipeuo cha pili cha tisa ni tatu, kwa hiyo mtikisiko mtupu unaweza kukisogeza kiwango kwa takriban shilingi 45 katika wiki tisa. Dola yetu ilipanda kwa shilingi 51. Hakuna cha ajabu hapo.

Kanuni ya tahadhari ni kutokuita badiliko lolote mwelekeo mpaka livuke mara mbili ya kipimo hicho, yaani shilingi 90 katika mfano huu. Hata hapo usijiamini kupita kiasi, kwani takriban mara moja katika kila kumi bahati tupu inaweza kuvuka mpaka huo.

MSIMU NAO HUDANGANYA

Turudi kwenye anguko la dola la mwaka 2024. Kutoka mwanzoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Desemba ni takriban wiki 16, na kipeuo chake cha pili ni nne. Hata tukikadiria kwa ukarimu kuwa mtikisiko wa wiki ulikuwa shilingi 20, wiki 16 zingetoa shilingi 80, na mara mbili yake ni 160. Dola ilishuka kwa takriban shilingi 300. Hilo halikuwa mtikisiko.

Hata hivyo, halikuwa pia mwelekeo wa kudumu. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo yenye mavuno ya dola nchini. Watalii hufurika katikati ya mwaka, pamba na tumbaku husafirishwa, na kuanzia Oktoba minada ya korosho ya Mtwara, Lindi na Ruvuma huvuta wanunuzi wanaohitaji shilingi. Miezi ya mwanzo wa mwaka mapato hayo hupungua, lakini ankara za mafuta na bidhaa za nje haziendi likizo.

Dawa yake ni kulinganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia. Mei 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,600, na Mei 2025 karibu 2,690. Kwa mwaka mzima, basi, shilingi ilipoteza kiasi cha asilimia tatu na nusu. Aliyeanza kuhesabu kutoka Desemba aliona asilimia 12 na kudhani sarafu imevunjika. Wote wawili walitazama grafu moja, ila walianzia mahali tofauti.

Kalenda nayo haitoi ahadi. Mwaka 2024 watalii walikuja kama kawaida, lakini shilingi iliendelea kudhoofika hadi Septemba kabla ya kugeuka. Msimu husaidia kueleza badiliko, lakini hauwezi kukupa tarehe ya badiliko lijalo.

Kuna hali moja ambayo hesabu zote hizi hazifai. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini, na kiwango kilichotangazwa hakikuwa lazima kile ambacho mwagizaji aliweza kupata dola. Mstari ukiwa umetulia huku benki zinakupanga foleni, mtikisiko mdogo unaoupima si dalili ya utulivu. Ishara ya kutazama ni pengo kati ya kiwango kilichotangazwa na bei unayotozwa kweli. Likipanuka wiki hadi wiki, liamini pengo kuliko mstari.

Kwa mwenye ankara ya miezi mitatu, daftari lenye safu tatu linatosha: kiwango cha kila Ijumaa, badiliko la wiki, na kiwango cha wiki kama hiyo mwaka uliopita. Badiliko lisipovuka mtikisiko, nunua dola kwa mafungu kufuata tarehe za malipo. Likivuka mtikisiko lakini likafanana na la mwaka jana, huo ni msimu, na kwa mwagizaji msimu wa dola nafuu ndio wa kununulia. Likivuka vyote viwili, hapo ndipo pa kupanga upya bei za bidhaa dukani.