Wazo Linapoendeleza Sonona

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo mafupi yasiyoitwa: sifai, hakuna anayenitaka, mambo hayatabadilika. Yalihusu nafsi, dunia na kesho.

Mchukue mama anayemsalimia jirani sokoni asiitikiwe. Papo hapo anajiambia, “Watu wamenichoka.” Anajifungia ndani, na kesho yake haendi kwenye kikundi cha kuweka akiba. Kumbe jirani hakusikia. Sasa upweke wake unageuka ushahidi wa wazo lile.

Anayeeleza sonona kwa biolojia pekee huanzia kwenye urithi na kemikali za ubongo, kama serotonini. Kwake mawazo hayo ni dalili tu, kama jasho la homa. Beck alisema yenyewe huuendeleza ugonjwa, hivyo yachunguzwe: ushahidi uko wapi? Kuna maelezo mengine? Hakuukana urithi wala dawa. Lakini kipi hutangulia? Hapo nadhani nadharia yake inabanwa, maana huzuni nayo huchagua kumbukumbu: aliyeinama moyo hukumbuka mabaya upesi zaidi.